Mstari wa mwisho haukufika sifuri: kisa cha rejesho la mwezi lililopotoka kwa 23

Kisa hiki kilitokea kwenye kikundi cha kuweka na kukopa ambacho mimi nilikiandikia sehemu ya programu ya mikopo. Nimeondoa jina la kikundi, majina ya watu na sarafu, na idadi ya mikopo nimeibadilisha. Hesabu za mikopo miwili ninayoieleza ni zile zile, kwa sababu bila hizo hakuna kisa.

## Usuli

Kikundi kilitoa mikopo ya riba isiyobadilika, inayotozwa juu ya salio. Mkopaji analipa kiasi kile kile kila mwezi. Sehemu ya kiasi hicho ni riba ya mwezi huo, na kinachobaki kinapunguza deni. Mwanzoni riba hula sehemu kubwa, na kuelekea mwisho karibu rejesho lote linakwenda kwenye deni lenyewe.

Kupata kiasi hicho kunahitaji vitu vitatu tu: mkopo, riba ya mwaka na idadi ya miezi. Kanuni yake ni hii:

```
R = P * i / (1 - (1 + i)^-n)
```

P ni mkopo, n ni miezi, na i ni riba ya mwezi iliyoandikwa kama desimali, yaani riba ya mwaka ikigawanywa kwa 100 kisha kwa 12. Kanuni inatokana na sharti moja. Ukianza na P, kila mwezi ukaongeza riba kwenye salio na kutoa R, baada ya miezi n salio liwe sifuri. Ni R moja tu inayotimiza sharti hilo. Nimelitaja mapema kwa sababu kisa chote kinalizunguka.

Kwa miaka kadhaa kikundi kilikuwa na viwango vitatu vya riba kwa mwaka: 12%, 15% na 18%. Mweka hazina, mzee mwenye mkono mzuri wa hesabu, alikuwa akitumia Excel. Programu ilipokuja tulilinganisha majibu yake na ya Excel kwa mikopo mingi ya viwango hivyo vitatu, na yote yalilingana hadi tarakimu ya mwisho. Tukaridhika.

Programu ilikuwa na sehemu mbili zilizoandikwa na watu wawili. Mimi niliandika inayotafuta rejesho. Mwenzangu aliandika inayochapa jedwali la marejesho, lile karatasi lenye mstari kwa kila mwezi: rejesho, riba, deni lililopungua, salio. Hatukukaa pamoja kukubaliana riba ya mwezi itoke wapi. Kila mmoja aliona jambo hilo ni dogo mno kuzungumzwa.

## Kilichotokea

Tangu siku za mwanzo mstari wa mwisho wa jedwali haukuwa sifuri kamili. Mkopo wa 500,000 kwa 18% na miezi 24, kwa mfano, una rejesho la 24,962.05. Kikundi hakipokei sehemu za fedha, kwa hiyo rejesho liliandikwa 24,962, na salio la mwisho likabaki vitengo vichache tu. Mzee akaniambia, "Mwanangu, hayo ni makombo ya kukadiria. Yaingize kwenye rejesho la mwisho, basi." Alikuwa sahihi, na ndivyo inavyofanyika penye mikopo ya namna hii. Nikaongeza mistari miwili ya msimbo: chochote kinachobaki mwezi wa mwisho kiongezwe au kipunguzwe kwenye rejesho la mwisho, ili salio lichapwe sifuri.

Sikuweka kikomo. Programu ingemeza 3, na ingemeza 3,000, bila kumwambia mtu yeyote.

Baadaye mkutano wa wanachama ukapunguza riba. Mikopo ya kawaida ikawa 14% na ya muda mfupi 13%. Hakuna aliyegusa msimbo, kwani viwango viliingizwa kwenye ukurasa wa mipangilio na kazi ikaendelea.

Mwanachama mmoja alichukua mkopo wa 1,200,000 kwa 14%, miezi 36. Alipewa karatasi ya jedwali yenye rejesho la 41,036 kila mwezi. Siku chache baadaye alirudi ofisini, karatasi mkononi, kidole kwenye mstari wa mwisho. Marejesho 35 yalikuwa 41,036, lakini la 36 lilikuwa karibu 40,020. "Hapa mmenipunguzia zaidi ya elfu moja," akamwambia katibu. "Nashukuru, ila nataka kujua kwa nini."

Katibu alimpa jibu lile lile tulilozoea, kwamba ni makombo. Mama yule hakuondoka. Akasema makombo ya rejesho moja hayazidi nusu ya kitengo, na nusu mara 36 ni 18. Elfu moja inatoka wapi?

## Kutafuta kosa

Katibu alinipigia, na jambo la kwanza nililofanya lilinipoteza. Nilifungua Excel nikaandika `=PMT(14%/12,36,-1200000)`. Jibu likaja 41,013, si 41,036. Tofauti ni 23 kwa mwezi, kwa hiyo kosa lilikuwa upande wangu na si kwenye jedwali. Nikadhani riba ya mwezi ndiyo imeharibika. Kwenye hifadhidata nikakuta imeandikwa 0.0117. Kwenye Excel, katika seli ambayo mzee hugawanya riba kwa 12, nikaona 1.17%. Nikasema riba ni ile ile pande zote mbili, nikaenda kutafuta kwingine. Nilipoteza jioni nzima nikikagua kipeo na mabano.

Seli ile ya Excel ilikuwa *inaonyesha* 1.17%. Ndani yake ilikuwa na 1.166666…%, na Excel ilihesabu kwa namba ya ndani. Hifadhidata kwa upande wake ilikuwa na 0.0117 kweli, bila kitu nyuma yake, kwa sababu nilipounda safu ya riba ya mwezi niliipa aina hii:

```sql
riba_mwezi DECIMAL(6,4)
```

Nafasi nne za desimali. 14 gawanya kwa 1200 ni 0.0116666…, na safu hiyo ikaikadiria hadi 0.0117. Rejesho likahesabiwa kama kwamba riba ya mwaka ni 14.04%. Jedwali la mwenzangu halikusoma safu hiyo kabisa. Lilichukua 14 kutoka kwenye mipangilio na kugawanya lenyewe kila mara. Ukitazama mwezi wa kwanza unaiona tofauti waziwazi: jedwali lilitoza riba ya 14,000, lakini rejesho lilikuwa limepangwa kwa mtu anayetozwa 14,040.

Aliyenitoa gizani ni mzee, kwa swali la kinyume. Badala ya kuuliza kwa nini rejesho si sahihi, aliuliza: rejesho hili la 41,036 lingekuwa sahihi kwa riba gani? Excel ina kazi ya kujibu hilo:

```
=RATE(36,-41036,1200000)
```

Jibu, likionyeshwa kwa desimali tatu za asilimia, lilikuwa 1.170%. Riba iliyotakiwa ni 1.167%. Namba iliyokaa mahali palipokatwa vizuri namna hiyo haiji kwa bahati. Ni alama ya kidole ya mtu aliyekadiria.

Tukajaribu mkopo wa pili, 800,000 kwa 13% na miezi 24. Programu ilikuwa imeandika 38,018. Excel ilitoa 38,033. Kwa `RATE` tukapata 1.080%, wakati 13 gawanya kwa 12 ni 1.083%. Safari hii kukadiria kulishusha riba badala ya kuipandisha. Mkopaji alikuwa anaombwa 15 pungufu kila mwezi, na rejesho lake la mwisho lilikuwa limevimba kwa karibu 421.

Viwango vya zamani havikuwahi kuonyesha kosa kwa sababu 12% inatoa 0.01, 15% inatoa 0.0125 na 18% inatoa 0.015. Zote zinaisha ndani ya nafasi nne. Majaribio yetu yote yalikuwa ya viwango ambavyo kosa hili haliwezi kuvigusa.

## Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuifuta safu ya `riba_mwezi`. Ningeweza kuipanua iwe na nafasi kumi, na kwa mikopo ya ukubwa huu ingetosha. Lakini riba ya mwezi haiko kwenye mkataba. Kilichoko ni riba ya mwaka, na namba inayoweza kuhesabiwa kutoka kwenye namba nyingine haina haja ya kuhifadhiwa pembeni, ambako siku moja zitatofautiana. Sasa sehemu zote mbili za programu zinaita kazi moja:

```python
def rejesho(mkopo, riba_mwaka, miezi):
    i = riba_mwaka / 1200
    if i == 0:
        return mkopo / miezi
    return mkopo * i / (1 - (1 + i) ** -miezi)
```

Kukadiria hadi kitengo kizima hufanyika nje ya kazi hii, mara moja, kwenye jibu la mwisho. Mistari ile ya `if` iliingia kwa sababu kikundi kina mkopo wa dharura usio na riba. Zamani mikopo hiyo iliandikwa kwa mkono, na tulipoijaribu kwenye programu ikagawanya kwa sifuri na kusimama. Afadhali kosa la namna hiyo kuliko lile la 23, kwa kuwa lenyewe linapiga kelele.

Uamuzi wa pili ulihusu rejesho la mwisho. Tuliacha limeze makombo, lakini kwa kikomo, na hapo ndipo swali la yule mama lilipohitaji jibu kamili. Alisema nusu mara 36 ni 18. Alikaribia sana, ila amesahau kwamba kosa la mwezi wa kwanza linakaa ndani ya salio miezi 35 na linatozwa riba pamoja nalo. Kosa la kitengo kimoja kila mwezi, kwa 14% na miezi 36, mwishoni halifikii 36 tu bali 44.4. Kizidishio hicho kinapatikana hivi:

```
((1 + i)^n - 1) / i
```

Kukadiria rejesho kunaleta kosa lisilozidi 0.5 kwa mwezi, yaani si zaidi ya 22 mwishoni. Riba ya kila mwezi nayo huandikwa kwa kitengo kizima, ikiongeza 22 nyingine kwa hali mbaya kabisa. Kwa hiyo mkopo ule ungeweza kubakiza 44 kihalali. Ukibakiza 1,015, kukadiria rejesho hakuwezi kuwa sababu, hata ungekuwa na bahati mbaya kiasi gani. Programu sasa inakokotoa kikomo hicho kwa kila mkopo, na salio la mwisho likikizidi inakataa kuchapa jedwali.

Uamuzi wa tatu ndio uliobishaniwa. Mikopo kumi na moja ilikuwa imekwisha kutolewa kwa viwango vipya, na namba zenye kosa zilikuwa kwenye mikataba iliyotiwa saini. Njia moja ilikuwa kuchukua salio la leo kama mkopo mpya, miezi iliyobaki kama n, na kuhesabu rejesho upya. Kihesabu ni njia safi. Ila ingemlazimu kila mkopaji kusaini upya, na wale wa 13% wangepandishiwa rejesho kwa kosa lisilo lao. Kamati iliamua marejesho yabaki kama yalivyosainiwa. Wa 14% walipe pungufu mwezi wa mwisho, kama jedwali lilivyokuwa likionyesha tayari. Wa 13% walipe rejesho lile lile walilosaini hadi mwisho, na ile ziada ya rejesho la mwisho isamehewe.

Mzee hakukubaliana na msamaha. Hoja yake ilikuwa kwamba fedha za kikundi ni za wote, na anayesamehewa 421 anasamehewa na jirani yake. Alipigiwa kura akashindwa, na akaomba maoni yake yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

## Matokeo

Mkopo mpya wa 1,200,000 kwa 14% sasa unapata rejesho la 41,013. Thamani kamili ina sehemu ndogo iliyokatwa, karibu 0.16, na mstari wa mwisho wa jedwali unabakiza kama 7. Ule wa 800,000 kwa 13% unapata 38,033, umekata karibu 0.46, na unabakiza kama 12 au 13. Masalio yote mawili yako ndani ya kikomo, na yanaingia kwenye rejesho la mwisho.

Yule mama alielezwa kwa kirefu. Alitaka hasa kujua kama amedhulumiwa, na jibu ni hapana, kwa sababu inayofaa kuelezwa. Riba yake ilikuwa inatozwa kwa jedwali, na jedwali lilikuwa sahihi. Zile 23 za ziada hazikupotea bali zilikuwa zinapunguza deni lake mapema kidogo. Ndiyo maana 23 mara 36 ni 828, lakini mwishoni anarudishiwa 1,015: tofauti hiyo ni riba ambayo hatozwi kwa sababu salio lake liko chini. Madhara yake yalikuwa kutoa fedha kabla ya wakati. Kama jedwali nalo lingesoma 0.0117, mstari wa mwisho ungefika sifuri vizuri kabisa, yeye angetozwa 14.04%, na hakuna mtu ambaye angegundua.

## Uchambuzi

Wazo hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi kuliko kosa lenyewe. Kosa letu lilionekana kwa sababu tu watu wawili waliandika sehemu mbili bila kuelewana, na zikapishana. Uzembe ule ule uliolizaa ndio uliolifichua. Nilipozifanya sehemu zote zitumie kazi moja, niliondoa kosa, lakini pia niliondoa shahidi. Salio la mwisho kufika sifuri sasa linathibitisha kwamba rejesho na jedwali vimetumia riba *moja*. Halithibitishi kwamba riba hiyo ndiyo iliyo kwenye mkataba.

Kwa hiyo tuliongeza kipimo cha pili kisichopita kwenye msimbo wetu, nacho ni mwezi wa kwanza. Riba ya mwezi wa kwanza ni mkopo mara riba ya mwaka gawanya kwa 1200, hesabu ambayo katibu anaifanya kwa kikokotoo cha simu: 1,200,000 mara 14 gawanya kwa 1200 ni 14,000. Anailinganisha na mstari wa kwanza kabla ya mkopaji kusaini. Mstari wa kwanza unakagua riba, wa mwisho unakagua rejesho, na iliyo katikati hatuisomi.

Kilichofanya kazi ni njia ya mzee ya kuuliza kinyume. Ukishuku rejesho, tafuta riba ambayo ingelizaa. Ikija 1.170% au 1.080%, mtu amekadiria mahali. Ikija kubwa mara kumi na mbili, mtu amesahau kugawanya kwa 12. Na kama riba ya mwaka inayorudi inakaribia mara mbili ya ile ya mkataba, mara nyingi rejesho limehesabiwa kwa riba bapa: riba ya mkopo wote kwa muda wote imejumlishwa na kugawanywa kwa miezi, bila kujali kwamba deni linapungua.

Kilichoshindwa ni mistari yangu miwili ya kumeza makombo. Haikuwa na kosa la hesabu, ila ilikuwa na amri ya kunyamaza. Na uteuzi wa viwango vya majaribio ulishindwa hata kabla ya hapo. Orodha yetu ya majaribio sasa inaanza na 13%, 14% na 0%, kisha viwango vyenye desimali kama 7.25%, na mkopo wa mwezi mmoja, ambao rejesho lake lazima liwe mkopo pamoja na riba ya mwezi mmoja, si zaidi wala pungufu.

Kuna jambo moja hatujaligusa. Kanuni hii inadhani rejesho la kwanza linalipwa mwezi mmoja kamili baada ya fedha kutoka, na miezi yote iko sawa. Baadhi ya wanachama hupokea mkopo katikati ya mwezi na kuanza kulipa mwisho wa mwezi unaofuata, kama siku 45 baadaye. Siku hizo 15 za ziada programu haizitozi riba. Mzee anataka zitozwe kwa siku, na ajenda hiyo ipo kwenye kikao kijacho.